Acha kufoka kwenye grupu: Hivi ndivyo notisi ya jikoni ya ofisi inavyoandikwa

TUSEME ofisi yenu iko ghorofa ya pili ya jumba moja Kitengela, si mbali na barabara ya Namanga. Mko watu 14. Jikoni ni chumba kidogo chenye sinki moja, friji moja, maikrowevu na meza ya vikombe. Ni Jumatatu, hata saa tatu asubuhi haijagonga, na simu yako tayari inatetemeka mfukoni. Unafungua grupu ya kazi kwenye WhatsApp na kukutana na haya:

"Nani aliacha sufuria na ugali imegandamana tangu Ijumaa? Hii ni ofisi ama ni seli ya polisi?"

"Watu wengine hawakufunzwa na mama zao."

"Nimeona mende tatu leo. TATU. Ingine nikiipata naiweka kwa dawati ya mwenye hiyo sufuria."

"Si ni wale wasee wa mauzo. Hao uchafu iko hadi kwa damu."

"Na madondo yangu imeenda wapi?? Mkebe ilikuwa na jina!"

"Huyo kijana wa atachi ndiye hutoka wa mwisho. Muulizeni."

"Kwani mama wa usafi analipwa ya nini?"

"Na maji imeisha tena."

Kisha emoji tano za kucheka, mtu anatuma kibonzo, halafu kimya. Saa sita mchana ile sufuria bado iko palepale.

Kama umewahi kufanya kazi mahali penye jiko la pamoja, unaijua hii sinema. Kelele za grupu hupunguza mvuke kifuani mwa anayezitoa, lakini sufuria hazioshi. Mwenye kosa husoma kila kitu akiwa amenyamaza, kwa sababu nani atainua mkono baada ya kutukaniwa mama? Wasio na kosa nao hujiona wamesingiziwa, wakaanza kujibu. Ifikapo jioni, mazungumzo si ya sufuria tena, ni ya nani alimtusi nani.

Halafu kuna yule kijana wa atachi. Huyu mwanagenzi ana miezi mitatu tu hapo, na mwishoni kuna fomu ya tathmini ambayo msimamizi wake ataijaza ili ipelekwe chuoni. Msimamizi huyo yuko ndani ya grupu hiyo hiyo. Meseji moja ya "muulizeni" imemfanya mshukiwa, na hawezi kujibu bila kuonekana ana kiburi. Mama wa usafi hayumo kwenye grupu kabisa, ila skrinishoti hazina mipaka. Kwa hawa wawili, hii si vichekesho vya Jumatatu. Mmoja anaweza kupoteza alama, mwingine kibarua.

Kwa hivyo tuseme wewe ndiye umechoka, na umeamua kuzigeuza hizo meseji nane ziwe notisi moja ya kubandika ukutani. Unaanzia wapi?

Usianze kuandika. Chukua daftari, chora mstari katikati ya ukurasa. Upande wa kushoto andika kile ambacho jicho lingeona kama lingesimama pale jikoni. Upande wa kulia andika kile kilichosemwa kuhusu mtu. Pitia meseji moja baada ya nyingine, kisha upande wa kulia wote uukate kwa kalamu. Utashangaa jinsi kunavyobaki kidogo, na jinsi hicho kidogo kilivyo na maana.

Meseji ya kwanza inabaki na mambo mawili: sufuria yenye ukoko wa ugali, na neno "tangu Ijumaa". Hilo neno la siku ni dhahabu. Linakuambia chombo kililala jikoni Ijumaa, Jumamosi na Jumapili bila mtu. Pia linakukumbusha kitu ambacho wapishi wote wanakijua: ukoko hausuguliki papo hapo, unalowekwa kwanza. Hapo ndipo ugomvi mwingi wa sinki unapozaliwa. Mmoja anasema, "Nimeloweka." Mwenzake anaona, "Ameacha." Wote wawili wanasema kweli. Notisi isiyotaja kuloweka haitamaliza ugomvi huu, kwa sababu haijausikia.

Meseji ya pili, ile ya mama zao, inaenda upande wa kulia yote. Ikate.

Ya mende ina ukweli ndani yake. Tupa kitisho cha dawati, bakisha mende watatu na saa walipoonekana. Mende hupenda giza. Ukiwaona mchana peupe, mara nyingi ni ishara kwamba mafichoni wamejaa. Wanatafuta makombo, mafuta na maji, na wanatoka usiku ofisi ikiwa imefungwa. Sasa fikiria maana yake kwa notisi. Kanuni ya kwamba lazima uoshe sahani punde tu unapomaliza kula haikuletei faida kubwa juu ya mende, na inamchokoza mtu aliyeitwa kwenye mkutano saa saba na nusu. Kinachohesabika ni hali ya jikoni wakati wa mwisho kuondoka. Kumbe saa ya mwisho ya kuosha inafaa iwe jioni. Umepata kipengele chako cha kwanza, na kimetokana na sababu badala ya hasira.

Ya "wasee wa mauzo" ikate haraka kabla mtu hajaiongezea. Leo ni idara, kesho mtu atasema "watu wa sehemu fulani", na hapo mnaingia kwenye mambo ya ukabila. Kenya tuna sheria ya utangamano wa kitaifa ya mwaka wa 2008, na haina mzaha na matamshi ya kuchochea chuki dhidi ya kabila. Hakuna kikombe kinachostahili kuwafikisha huko.

Ya madondo ni kesi nyingine kabisa iliyoparamia matatu ya wenzake. Usiichanganye na vyombo vichafu. Uliza swali moja: mkebe ulikuwa na jina, je, ulikuwa na siku? Chakula chenye jina pekee hakionyeshi kama ni cha jana au cha wiki jana. Inawezekana kabisa kwamba aliyeyachukua hakuyala, aliyatupa akidhani yameharibika. Kwa hivyo hapa pia unapata kipengele: jina na siku, vyote viwili.

Ya mwanagenzi ikate. Kutoka wa mwisho si ushahidi wa chochote.

Ya mama wa usafi inafunika swali la kweli: kazi yake ni ipi hasa? Usikisie, nenda ukamuulize msimamizi wa ofisi. Tuseme anakwambia kwamba mama huja saa kumi na mbili na nusu asubuhi, anapiga deki, anafuta meza, anaosha vyoo, na saa tatu anaelekea ofisi nyingine. Vyombo vya watu havimo kwenye makubaliano yake. Nusu ya ofisi haikujua hilo. Walikuwa wanaacha vikombe wakiamini kuna mtu analipwa kuviosha, na mama amekuwa akiviosha kwa sababu hakujua atamwambia nani.

Imebaki ile ya mwisho, "Na maji imeisha tena", iliyopita bila kujibiwa na yeyote. Hiyo ndiyo meseji yenye uzito kuliko zote.

Kitengela na maji ni hadithi ndefu. Mji umekua haraka kuliko mabomba. Kuna bomba la Nolturesh linaloteremsha maji kutoka upande wa Loitoktok, chini ya Mlima Kilimanjaro, lakini majumba mengi yanategemea visima vya kuchimbwa au malori ya maji, yale tunayoita bauza. Maji yakiletwa kwa lori yanapandishwa kwenye tangi la juu, na tangi likikauka mnasubiri safari nyingine. Kwa hivyo, kabla ya kuandika hata neno moja, fanya upelelezi wa wiki moja. Kila siku saa nane mchana, watu wakiwa wamemaliza kula, fungua bomba la jikoni na uandike: maji yapo, maji hayapo.

Tuseme daftari lako linasema hivi: Jumatatu yapo, Jumanne yapo, Jumatano yapo, Alhamisi hayapo, Ijumaa hayapo. Unamuuliza mlinzi wa jumba, naye anakwambia lori huja Jumamosi. Ghafla ile sufuria ya Ijumaa inaonekana kwa macho mengine. Mtu alimaliza kula ugali, akafungua bomba, likakohoa hewa. Angefanya nini?

Hebu sasa fikiria ungebandika notisi ya "OSHA VYOMBO VYAKO" juu ya bomba kavu. Watu wangeicheka, na wangekuwa na haki. Notisi inaweza tu kumwagiza msomaji jambo ambalo yuko na uwezo wa kulifanya akiwa amesimama hapo. Yale mengine yanahitaji barua, na barua inaenda kwa mwajiri.

Barua yenyewe haihitaji kuwa ndefu. Aya moja yenye zile siku ulizoandika, kisha maombi manne: mitungi ya maji ya akiba, pipa la taka lenye kifuniko linalomwagwa kila siku, dawa ya mende, na maandishi yanayoeleza kazi za mama wa usafi. Maji yapigie hesabu ili meneja asiogope gharama. Mkiosha kwa beseni mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuza, kila moja ikichukua lita 6, na mkazijaza mara tatu, mmetumia lita 36. Mitungi miwili ya lita 20 inavusha mchana mmoja wa watu 14, mradi makombo yamekwanguliwa kwanza. Kwa Alhamisi na Ijumaa mnahitaji mitungi minne, inayojazwa Jumatano bomba likiwa bado linatiririka.

Usiombe kama unayeomba msaada wa harusi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inamtaka mwajiri aweke mahali pa kazi katika hali ya usafi, taka ziondolewe kila siku, na wafanyakazi wapate maji safi ya kunywa. Sheria hiyo hiyo inampa mfanyakazi naye wajibu wa kujali usalama na afya yake na ya wenzake. Kila upande una kipande chake. Taja sheria mara moja kwenye barua na uendelee. Kwenye notisi ya ukutani usiitaje kabisa, itasikika kama samansi.

(Kando kidogo: kama jumba lenu linatumia maji ya kisima yenye chumvi, kagua vile vikombe vinavyoitwa "vichafu". Maji magumu hayapendi kutoa povu kwa sabuni ya kawaida, na huacha alama nyeupe hata kwenye kikombe kilichooshwa vizuri. Alama hizo hutoka kwa siki au ndimu. Watu wamewahi kununiana kwa sababu ya chokaa.)

Sasa ndio tuandike. Na hapa Kiswahili kinakupa kitu ambacho wengi hawakitumii: kinakuruhusu kuchagua ni nani anasimama mbele ya kitenzi.

Unaweza kusema "Osha kikombe chako." Ni amri. Haina tusi, lakini inaelekeza kidole kwa anayesoma, hata kama ameosha tangu siku ya kwanza. Unaweza kusema "Vikombe vioshwe." Hapa kidole kimetoweka, ila na mwoshaji pia ametoweka. Vioshwe na nani? Kila mtu atajibu moyoni, "na mama wa usafi". Ndiyo maana notisi nyingi za ofisi zilizojaa "viwekwe", "vioshwe" na "zingatia usafi" huwa ni mapambo. Unaweza pia kusema "Tuoshe vikombe vyetu." Inapendeza, ina udugu, lakini kazi ya wote huwa si ya mtu.

Inayofaa kwa jambo hili ni "Kila mtu aoshe chombo alichotumia." Mwoshaji yupo, kazi inajulikana, kipimo ni "alichotumia", na hakuna aliyeitwa jina. Ile "vioshwe" ihifadhi kwa mambo ambayo kweli haijalishi nani atafanya.

Kejeli iache nje. Unaijua ile karatasi ya "Mama yako haajiriwi hapa"? Imebandikwa kwenye majiko mengi ikidhaniwa ni mzaha. Kuna mtu anayeisoma akiwa amemzika mama yake mwezi jana. Kuna mama wa usafi anayeisoma kila asubuhi akiwa ndiye mama aliyeajiriwa hapo. Acha pia herufi kubwa mwanzo hadi mwisho, na alama tatu za mshangao. "Tafadhali" weka moja tu, au usiweke. Zikifika tatu kwenye karatasi moja, watu wanasikia meno yakisagwa.

Jihadhari na saa. Kwenye grupu tunaandika "saa 4" na kila mtu anaelewa vyake: mmoja saa nne asubuhi, mwingine saa kumi jioni aliyoisoma kwa Kizungu. Kwenye notisi andika kwa maneno na utaje sehemu ya siku: saa kumi na moja jioni.

Neno la mwisho kabla ya karatasi yenyewe ni ukali. Notisi isiyosema nini kitatokea ni ombi tu. Lakini ukali mbaya unaharibu kila kitu. Kwenye grupu mtu atapendekeza faini, "mia mbili kwa kila kikombe, ikatwe kwa mshahara". Sahau. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 imeorodhesha makato ambayo mwajiri anaruhusiwa kufanya kwenye mshahara, na kikombe kichafu hakimo. Mwingine atasema vitupwe. Chakula kilichooza, sawa. Ila sufuria ni mali ya mtu, na ukiitupa umebadilisha kosa la uchafu likawa kesi ya mali. Kinachofanya kazi ni usumbufu mdogo usiokwepeka: chombo kinahamishwa, na mwenyewe anakwenda kukichukua kwa mtu fulani, ana kwa ana. Hakuna aibu ya hadharani, lakini mara mbili zinatosha.

Hii hapa, baada ya mwajiri kuleta mitungi na pipa:

JIKO LETU LA PAMOJA

Jiko hili linatumiwa na watu 14. Kuanzia Jumatatu:

1. Kila mtu aoshe chombo alichotumia na kukirudisha kabatini kabla ya saa kumi na moja jioni, siku hiyo hiyo.

2. Sufuria yenye ukoko inaweza kulowekwa, lakini iwekwe kwenye rafu ya chini, si ndani ya sinki. Aliyeitumia aioshe kabla ya kwenda nyumbani.

3. Bomba likikauka, tumia mitungi ya bluu na beseni mbili zilizo chini ya sinki. Anayemaliza mtungi amjulishe msimamizi wa ofisi.

4. Makombo yaingie kwenye pipa lenye kifuniko kabla ya kuosha.

5. Chakula cha friji kiandikwe jina na siku. Ijumaa saa tisa alasiri friji inakaguliwa. Chakula kisichoandikwa, au kilichokaa zaidi ya siku tatu, kitatupwa. Mkebe utabaki.

6. Chombo kitakachokuwa kwenye sinki baada ya saa kumi na moja jioni kitawekwa kwenye kreti, stoo. Mwenyewe atakichukua kwa msimamizi wa ofisi.

Mhudumu wa usafi hushughulikia sakafu, meza na vyoo. Kuosha vyombo vyetu si sehemu ya kazi yake.

Notisi hii itaangaliwa upya baada ya wiki nne. Swali au pendekezo: msimamizi wa ofisi.

Hesabu maneno. Ni karatasi moja, na meseji zote nane ziko ndani yake, ukiondoa matusi. Sufuria ya ugali iko kwenye namba mbili. Mende wako kwenye saa kumi na moja na kwenye pipa, ingawa hawajatajwa. Madondo yako kwenye namba tano. Mwanagenzi hayupo popote, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Mama wa usafi ametajwa kwa kazi yake, sentensi mbili, bila kumhurumia kwa sauti.

Angalia namba tano vizuri, ndiyo itakayoleta maneno. Siku tatu si namba ya kubahatisha: chakula kilichopikwa huhesabiwa kuwa salama kwenye friji kwa siku tatu hadi nne, basi mmechukua upande wa tahadhari. Lakini hilo ni kwa friji inayofanya kazi. Stima ikipotea, friji iliyofungwa hushikilia baridi kwa saa nne hivi, mradi watu wasifungue kuchungulia. Stima ikilala usiku kucha, siku tatu hazina maana tena; msimamizi akague asubuhi hiyo hiyo. Unaweza kuiongeza kama namba saba kama kwenu stima hupotea sana. Mimi ningeiacha nje ya karatasi na kumwachia msimamizi, maana notisi yenye vipengele kumi haisomwi na mtu.

Ibandike juu ya sinki, usawa wa macho ya mtu anayeosha, ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha ili isirowe. Usiibandike mlangoni. Mlangoni watu wanapita. Kwenye sinki wanasimama dakika mbili mikono ikiwa na povu, hawana la kufanya ila kusoma.

Sasa kuna mtego mmoja. Meneja ataipenda sana hiyo karatasi na kuituma kama ilivyo kwa tawi lenu la Kajiado mjini, kilomita 50 hivi mbele kwenye barabara hiyo hiyo ya Namanga. Tuseme huko mko na wenzenu watatu, katika vyumba viwili vya kupanga. Hawana friji. Hawana sinki. Wana meko ya gesi, beseni, na ngoma ya maji ambayo wanachangia na ofisi ya jirani, kampuni tofauti kabisa. Watasoma kuhusu mitungi ya bluu na rafu ya chini, watacheka, na karatasi itafungia chapati kesho yake.

Shida yao ni nyingine. Ukiwauliza, watakwambia ngoma inakauka na kila ofisi inadai nyingine ndiyo haikujaza. Siku moja pia walikuta kichomeo kimezimwa lakini mtungi wa gesi haujafungwa. Nusu ya watumiaji wa jiko hilo hawako kwenye grupu yenu, hawamjui meneja wenu, na notisi yenye jina la kampuni yenu haiwahusu. Kwa hivyo huko karatasi inaandikwa na watu wawili, mmoja kutoka kila ofisi, wakiwa wamesimama kando ya ngoma. Inaweza kuwa na mistari mitatu tu:

Jiko hili ni la ofisi mbili. Ofisi ya kulia inajaza ngoma Jumatatu na Alhamisi. Ya kushoto, Jumanne na Ijumaa. Jumatano ngoma ikipungua nusu, aliyeona kwanza awaambie wote wawili.

Kila mtu aoshe alichotumia kwa maji ya beseni, si kwa kuchota moja kwa moja kwenye ngoma.

Anayezima meko afunge na valvu ya mtungi. Wa mwisho kutoka ahakikishe.

Chini, majina ya ofisi zote mbili na sahihi mbili. Hapo hapafai kuandika adhabu, kwa sababu hakuna upande ulio na mamlaka juu ya mwingine. Nguvu yake yote iko kwenye zile siku. Ikiwa ni Alhamisi na ngoma ni tupu, kila mtu anajua ni zamu ya nani, na hakuna haja ya kuuliza kwa ukali.

Turudi Kitengela, kwenye kreti. Amueni mapema ni nani anahamisha vyombo jioni. Asiwe mama wa usafi, na asiwe mwanagenzi peke yake. Wekeni zamu ya watu wawili kwa wiki, mmoja wao akiwa wa cheo cha juu. Kwa nini? Kwa sababu uwezekano ni mkubwa kwamba kikombe cha kwanza kubaki kwenye sinki saa kumi na moja na dakika tano kitakuwa cha bosi. Amezoea. Kijana wa atachi hawezi kukigusa hicho kikombe. Mhasibu mkuu anaweza. Na kikishaingia kreti, bosi akaenda kukichukua kwa msimamizi kama mtu mwingine yeyote, hamtahitaji kuizungumzia notisi tena mwezi huo.

Kwenye grupu, tuma picha ya notisi na meseji moja fupi. Usijibu vibonzo, usitoe hotuba. Lakini ongeza mstari mmoja ambao mtu alikuwa anausubiri tangu Jumatatu ile:

"Kuhusu ile sufuria: nimekagua, bomba hukauka Alhamisi na Ijumaa hadi lori lije Jumamosi. Jina la kijana wa atachi lilitajwa hapa bila sababu, naomba meseji hiyo ifutwe."

Kama aliyeituma ameshapitwa na muda wa kuifuta mwenyewe, admini wa grupu mtumie faragha.